Ukizimia kazini kwa kisukari

"Natumia insulini. Nikianguka kazini, wenzangu wafanye nini?"

Ndugu yangu, vaa bangili iliyoandikwa "KISUKARI – INSULINI" na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Kadi iliyo kwenye pochi huchelewa kuonekana.

Wenzako wafundishe hili kwanza: ukiwa huna fahamu, wasikutie chochote mdomoni, hata sukari, kwani utapaliwa. Wakulaze kwa ubavu, waangalie kama unapumua, waite gari la wagonjwa. Insulini wasikuchome kamwe. Kama sukari imeshuka, itaishusha zaidi.

Ukiwa bado una fahamu na unameza vizuri, ila unatetemeka na kutoka jasho, wakupe nusu glasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, kama hujapata nafuu, warudie.