Kujitambulisha kwenye grupu la kazini

"Jumatatu naanza kazi ya stoo hapa Tanga, karibu na bandari. Nijitambulisheje kwenye grupu la wasapu bila kurefusha?"

Hongera ndugu yangu. Subiri kwanza bosi akutangaze, kisha andika hivi:

"Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Naitwa (jina lako), karani mpya wa stoo, nimeanza leo chini ya msimamizi wa stoo. Nitapokea mizigo na kuandika hati za kutolea vifaa. Ukihitaji kifaa, nipo dirisha la stoo saa 2 hadi saa 10. Nafurahi kuungana nanyi."

Salamu nimeigawa makusudi: kwenye grupu wamo wazee wa kazi na vijana wa rika lako, na huku kwetu mzee akikosa shikamoo hukumbuka. Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito, maana inamwambia mtu akufuate kwa jambo gani. Mimi niliandika vyeti na kazi za zamani, wakanikaribisha, halafu watu watatu wakauliza, "Uko kitengo gani?" Hapo nikajua ujumbe haukufika.

Wakikukaribisha, jibu mara moja tu, "Asanteni nyote", usimjibu kila mmoja.