Besi imepotea? Kagua vimpira vya spika za masikioni kabla hujalaumu simu

Wiki nzima niliamini simu yangu imeharibika. Kila wimbo niliousikiliza kwa spika za masikioni ulisikika kama redio iliyofunikwa na sufuria: mwimbaji yupo, matoazi yanachacharika, ila gitaa la besi na ngoma kubwa havipo. Nikafuta programu ya muziki nikaiweka upya, nikapandisha besi kwenye mipangilio ya sauti hadi mwisho. Nilichopata ni sauti inayokwaruza.

Nikazipeleka zile spika za masikioni kwa fundi simu Kariakoo. Hakuzifungua. Aliniambia, "Kaka, vaa, weka wimbo, halafu sukuma hiyo ya kushoto kwa kidole, taratibu." Nikasukuma. Besi ikarudi papo hapo, nzito kama ya ukumbini. Nikaachia kidole, ikatoweka. "Spika nzima hiyo," akasema. "Kimpira chako hakizibi."

Kumbe siku chache kabla kimpira cha kushoto, kile cha silikoni kinachoingia sikioni, kilidondoka kwenye daladala, nami nikachomeka kidogo kuliko vyote kati ya vile vya akiba vilivyokuja na boksi, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu juu. Kilikaa vizuri kwenye spika. Sikioni ndipo kilipopwaya.

Sababu yenyewe ni hii. Kispika kilichomo humo ni kidogo, mara nyingi milimita 6 hadi 12 tu, na sauti nzito huhitaji kusukuma hewa nyingi. Tundu la sikio likizibwa vizuri, hewa iliyobaki ndani ni kidogo mno, hivyo hata kispika hicho kinaweza kuikandamiza na wewe ukaisikia besi. Ukiacha upenyo, hewa inachomokea pembeni kabla haijakandamizwa. Sauti nyembamba haziathiriki sana na upenyo huo, ndiyo maana unabaki na matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Kwa hiyo kuongeza besi kwenye simu ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu ambacho hakihitaji hata muziki. Vaa zote mbili, zima muziki, zima na ile hali ya kusikia sauti za nje kama ipo, kisha guna "mmmm" huku umefumba mdomo. Masikio yakiwa yamezibwa sawasawa, mguno unavuma katikati ya kichwa, kama unapojiziba masikio kwa vidole. Mguno ukiegemea upande mmoja, upande ule mwingine ndio unaovujisha. Mguno wangu ulihamia wote kulia.

Kabla ya kubadili saizi, hakikisha umevaa vizuri. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza spika, izungushe kidogo, halafu achia sikio. Bado inavujisha? Panda saizi moja. Usirukie kubwa kabisa: kimpira kikubwa kupita kiasi hujikunja ukingoni na kuacha upenyo uleule, tena kinauma. Wala usishangae masikio yako yakitaka saizi tofauti. Mimi kushoto navaa kubwa, kulia ya kati.

Ukipoteza kimpira kabisa, usivae spika ikiwa na kishingo kitupu cha plastiki, pale kimpira kinapochomekwa. Hakizibi chochote, na kinakwangua. Unapokwenda kununua, beba spika yenyewe. Vishingo havifanani, vingine ni vya mviringo, vingine vya yai. Mimi nilinunua pakiti ya vya mviringo kwa kukadiria macho, na spika yangu ni ya yai. Viliingia kwa kulazimisha, jioni kimoja kikachomoka. Cha kufaa kinaingia kwa kubana, kinakaa kwenye mfereji wa kishingo, na hakizunguki hovyo ukikigusa. Kama silikoni haikai kabisa, jaribu vya sponji: kifinyange kwa vidole, kiingize, kishikilie kama nusu dakika kitanuke. Vinaziba vizuri ila huchakaa haraka, na jasho la Dar halivisaidii.

Kipimo cha kidole kina mipaka yake. Zile spika za plastiki tupu zilizotengenezwa bila vimpira haziwezi kuziba, besi yake ndiyo hiyo hiyo. Na kama upande mmoja umefifia wote, nyembamba na nzito pamoja, hapo angalia nta ya sikio kwenye kichujio cha kishingo.

Jambo la mwisho: ukichomoa spika ukaona kimpira hakipo, usidhani moja kwa moja kimedondoka. Mwambie mtu akumulikie sikio kwa tochi. Kikiwa ndani, usikichokonoe kwa pini wala kijiti cha pamba, kitazama zaidi. Nenda zahanati wakitoe kwa kifaa chao.