Tafuta wastani kwanza, ndipo ugeuze

"Nimepima mapengo kati ya mabasi kwenye steji yetu ya Jogoo Road. Nusu ni dakika 4, nusu dakika 16, bila mpangilio. Kwa saa, hiyo ni mabasi 15 au 3.75, wastani 9.375. Mbona kondakta anasema sita?"

Kwa sababu kondakta anajua hesabu. Hili nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka: usigeuze kila pengo kuwa mabasi kwa saa kisha utafute wastani. Tafuta wastani wa mapengo, halafu ugeuze. Wastani wako ni dakika 10, na 60 gawanya kwa 10 ni 6.

Jionee mwenyewe. Pengo moja fupi na moja refu hula dakika 20 na kuleta mabasi mawili. Dakika 20 zimo mara tatu katika saa. Wewe ulizipa 15 na 3.75 uzito sawa, ilhali katika kila dakika 20, 16 ni za pengo refu. Zipe uzito wa muda wake: 15 × 0.2 + 3.75 × 0.8 = 6. Mabasi yako matatu ya ziada hayajawahi kutoka gereji.

"Lazima nijue mapengo yametawanyika vipi?"

Kwa idadi ya muda mrefu, hapana. Wastani unatosha.

"Mabasi sita kwa saa, basi ningesubiri dakika 5. Mbona nasubiri zaidi?"

Hapa ndipo mtawanyiko unapokuuma. Ukifika steji wakati wowote tu, nafasi 4 kati ya 5 ni kwamba umeangukia pengo refu, ambako wastani wa kusubiri ni dakika 8. Katika fupi ni 2. Jumla: 0.8 × 8 + 0.2 × 2 = 6.8. Mabasi yangepishana dakika 10 kamili, yangebaki sita kwa saa nawe ungesubiri 5. Kwa hiyo mwenye mabasi akijisifu kwa idadi peke yake, muulize mapengo yake yakoje.

"Nilihesabu kwa dakika 60 nikapata mabasi tisa. Kanuni imevunjika?"

Haijavunjika. Inasema N(t)/t hukaribia 1/μ kadiri t inavyokua, N(t) ikiwa idadi ya mabasi hadi dakika t na μ ikiwa wastani wa pengo. Haikuahidi chochote kuhusu dakika zako 60. Mapengo mafupi manane na moja refu ni dakika 48, kwa hiyo tisa inawezekana kabisa. Hesabu kwa siku nyingi, lakini usichanganye saa moja asubuhi na saa nane mchana. Asubuhi watu wamejaa na gari linajaza upesi. Mchana linangoja abiria. Hizo ni μ mbili, na kila moja ina hesabu yake.

"Na basi la kwanza likichelewa?"

Mradi lifike, baada ya muda mrefu halibadilishi kitu.