Re: Mteja kaacha maelezo nusu nusu

"Mteja kaniachia lesi, kasema tu 'gauni la harusi, lisiwe refu sana.' Simu anapokea kwa shida. Nikisie nikate, au nisubiri?"

Fundi, itazame kwanza ile lesi yenyewe. Kama ukingo wake umenyooka tu, kisia. Kata mpaka kwenye kifundo cha mguu, shikiza pindo kwa mkono, na akija kujaribu utalipandisha palepale. Ukikosea umepoteza uzi na dakika chache.

Kama ukingo una maua yaliyochongwa, usikate. Gauni hilo halipunguzwi kwa chini bila kuyaondoa maua aliyoyalipia, kwa hiyo urefu unaamuliwa juu, kabla ya mkasi. Labda mshono una kiuno: hapo unaweza kuacha sentimita kadhaa za ziada kiunoni na kupandisha sketi baadaye. Gauni la mkato mmoja halina nafasi hiyo, na lesi ileile dukani huenda imeshakwisha.

Shingo wala usimsumbue, ikate fupi, kwani kuichimba zaidi ni rahisi na kuirudisha haiwezekani. Rangi ya zipu chagua mwenyewe.

Hilo la urefu mtumie ujumbe mmoja wa kujibika kwa neno moja: "Magotini au kifundoni?" Ukimwuliza "unatakaje?" atakujibu kesho kutwa, tena nusu nusu vilevile. Wakati unasubiri, shona bitana ya sehemu ya juu, maana hiyo haibadiliki kwa jibu lolote.