Panya wanavuka ukuta kutoka kwa jirani: nimwambieje?

Swali: Nyumba yangu inapakana ukuta na kiwanja cha jirani kilichojaa nyasi, mbao kuukuu na takataka. Usiku panya wanavuka na wanafika hadi jikoni kwangu. Jirani ni mzee ninayemheshimu, sitaki tugombane. Nimwambieje? Au nirushe tu sumu upande wake?

Jibu: Ndugu yangu, sumu usirushe. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na panya aliyeila hufa baada ya siku kadhaa, si papo hapo. Katika siku hizo bado anatembea, kwa hiyo anaweza kufia darini kwako. Paka akimla panya huyo naye anaweza kudhurika, na mtoto anaweza kuikuta sumu hiyo kwenye nyasi. Zaidi ya hayo, mzee akiikuta sumu kwenye kiwanja chake, mazungumzo unayoyatamani yatakuwa yameshaharibika kabla hujafungua mdomo.

Kabla ya kumwendea, hakikisha panya wanalala wapi. Hili watu wengi huliruka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Panya hupenda kukimbia wakigusa ukuta kwa sharubu zao, wakipita njia ileile kila usiku, na mafuta ya miili yao huacha michirizi myeusi kwenye matofali. Jioni, nyunyiza unga kidogo kwenye sehemu tano au sita: chini ya ukuta pande za kona, juu ya ukuta mahali penye michirizi, chini ya geti, na karibu na tundu la bomba la maji machafu. Kukikucha tu, tazama. Mguu wa mbele wa panya huacha vidole vinne, wa nyuma vitano, na mara nyingi mkia huacha mstari katikati. Hapo utajua anapita wapi.

Nyayo peke yake hazikuambii anaishi upande gani, maana aliyekwenda pia hurudi. Kwa hiyo zunguka upande wako ukitafuta mashimo ardhini, hasa chini ya tangi la maji, nyuma ya matofali yaliyopangwa na pembeni mwa msingi. Shimo linalotumika huwa na kingo laini na halina utando wa buibui. Lizibe kwa karatasi iliyokunjwakunjwa. Karatasi ikisukumwa nje ndani ya siku mbili, mwenye nyumba yumo.

Nakumbuka mteja mmoja aliyeniita akiwa na hasira, akaninyooshea kidole kwenye ua wa jirani yake uliojaa vichaka. Tulipoweka karatasi, mashimo manne kati ya matano yaliyofunguliwa yalikuwa kwake mwenyewe, nyuma ya rundo la matofali. Kwa jirani panya walikwenda kula tu, kwenye pipa lisilo na mfuniko. Angetangulia kulalamika, angejibiwa kwa haki kwamba panya ni wake. Badala yake aliondoa matofali, kisha akaenda kuomba jambo moja, pipa lifunikwe. Lilifunikwa siku hiyohiyo.

Ukishajua hali ilivyo, ziba nyumba yako kwanza. Panya mkubwa hupenya kwenye tundu la upana wa sentimita 2 hivi, na mtoto wake kwenye dogo zaidi, kwa hiyo usidharau tundu lolote linalopitisha kidole. Usitumie kitambaa wala povu la kuzibia peke yake, kwani vyote hutafunwa. Shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria ndani ya tundu, kisha funika kwa saruji. Kwenye matundu ya hewa weka wavu wa chuma wenye macho madogo. Chini ya mlango wa jikoni pasibaki mwanya. Funga ukanda wa bati kama mbao zimeshatafunwa.

Nina sababu ya kusisitiza mpangilio huu. Jirani akikubali na kufyeka kiwanja chote kwa siku moja, panya waliokuwa wakiishi humo watatafuta pa kujificha usiku uleule, na nyumba iliyo karibu ni yako. Nimeitwa mara nyingi na watu wanaoshangaa kwamba jirani amesafisha, kumbe ndiyo kwanza darini kwao kumechachamaa. Si kwamba usafi umeshindwa, ila umefanyika kabla milango haijafungwa.

Sasa mazungumzo. Nenda mwenyewe, wakati ambao mzee ametulia, bila watu wengine kusikia na bila kumwonyesha picha za uchafu wake. Msalimie kama kawaida, ulizana naye hali, kisha sema jambo linalowahusu wote wawili. Mimi ningesema hivi:

“Mzee wangu, nimekuja kukuomba ushauri na msaada. Panya wananisumbua, nao wanapita kwenye ukuta wetu. Upande wangu nimeshaziba matundu na kuondoa vitu vilivyorundikana. Naomba, kama hutajali, tusafishe kipande cha mita moja kando ya ukuta kwa upande wako. Jumamosi nitakuja na panga na reki, kazi nitaifanya mimi.”

Angalia kilichoombwa. Si kiwanja chote, ni mita moja. Panya huogopa kuvuka mahali peupe, kwa hiyo ukanda huo usio na nyasi wala mbao huwakatia njia yao ya ukutani. Na mzee anaweza kukubali jambo dogo lenye mtu wa kulifanya, hata kama hana nguvu wala fedha za kusafisha eneo lote. Huenda hilo ndilo lililofanya kiwanja kikawa hivyo. Mbao akizitaka, mwambie mtazipanga juu ya mawe, sentimita 30 kutoka ardhini, ili chini pawe wazi.

Siku ya kazi, anzeni ukutani mkienda mbali na nyumba yako, ili panya wakimbilie upande ule. Mkikuta vinyesi, msifagie vikiwa vikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba magonjwa. Vaeni glavu, nyunyizeni maji yenye klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, subirini dakika tano, kisha futeni.

Siku chache kabla, weka mitego upande wako kando ya ukuta, iwe na chambo lakini haijategwa. Panya huogopa kitu kipya. Akizoea kula pale bila kudhurika, ndipo utege. Elekeza upande wa chambo ukutani, ili anayepita kwa kugusa ukuta akutane nacho. Ifunike kwa sanduku lenye matundu pande mbili kama kuna watoto au kuku.

Mzee akikataa, usijibizane naye. Mpe wiki mbili, urudi ukamwombe tena, pengine na mtu anayemsikiliza. Kama kiwanja kimepangishwa, mwenye mali naye ajulishwe. Yakishindikana yote, andika tarehe na ulichokiona, upeleke kwa afisa afya wa eneo lako; lakini mwambie mzee kabla, asije akalisikia jambo hilo kwa mgeni.

Wiki mbili baada ya kusafisha, nyunyiza unga tena palepale, usiku mitatu mfululizo. Sehemu moja tu ikionyesha nyayo, fuata mstari wake hadi kwenye tundu ulilolisahau, uzibe hilo kabla hujarudi kwa jirani.