Suti ya kubandika: mwanga, rangi na kivuli cha kidevu

Kwa Photoshop nimemvalisha mtu suti ya kubandika kwenye picha iliyopigwa karibu na dirisha, lakini suti inaonekana ya buluu na uso wa manjano. Nimesogeza Hue/Saturation mpaka nimechoka.

Hue/Saturation huzungusha rangi zote kwa pamoja, ilhali tofauti yako iko kwenye chaneli za nyekundu, kijani na buluu, na si sawa gizani na mwangani. Tumia Curves, uifunge kwenye leya ya suti kwa Create Clipping Mask ili isiguse uso.

Kisha acha kukisia, pima. Fungua dirisha la Info, linaloonyesha namba za rangi. Kabla ya kuifunika nguo ya zamani, tafuta kitu cheupe kilichopigwa na mwanga uleule: kola ya shati alilokuja nalo inafaa. Tuseme inasoma R 238, G 228, B 208. Shati lililokuja na suti linasoma R 236, G 240, B 248. Basi ndani ya Curves nenda chaneli moja moja: kwenye Red sogeza nukta ya mwisho ya juu iwe Input 236, Output 238, kwenye Green 240 iwe 228, kwenye Blue 248 iwe 208. Ubuluu umekwisha, na hujagusa kitu kingine.

Hapo wengi huishia, na suti bado inaelea. Angalia weusi. Penye giza zaidi kwenye nywele panasoma kama 24, 20, 22, na mkunjo mweusi wa suti unasoma 4, 5, 8. Hakuna cheusi cheusi namna hiyo katika chumba kile, kwa hiyo inua mwanzo wa kila chaneli: 4 iwe 24, 5 iwe 20, 8 iwe 22. Usipime kwa weupe wa jicho wala meno. Vyote viwili si vyeupe kama tunavyodhani.

Uso unamulikwa kutoka kushoto, suti kutoka kulia. Nikiigeuza kwa Flip Horizontal si inatosha?

Mwanga utakaa sawa, ila koti la kiume hufungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia, na mfuko wa kifuani uko kushoto kwa mvaaji. Ukigeuza, vyote vinahama, na fundi cherehani atakucheka. Kama mfuko hauonekani na vifungo vimekatwa na ukingo wa picha, geuza bila wasiwasi.

La sivyo, ongeza Curves mbili, moja ya kung'arisha na moja ya kutia giza, ujaze maski zake nyeusi, kisha upake nyeupe kwa brashi laini: bega la kushoto ling'ae, la kulia lizame. Hii inafaa suti iliyopigwa kwa mwanga laini. Ikiwa mikunjo ina vivuli vyenye kingo kali, hakuna brashi itakayoificha. Tafuta suti nyingine.

Kivuli cha kidevu nikikipaka kwenye kola kinakuwa kama masizi. Natumia nyeusi kwenye Multiply.

Nyeusi hupunguza chaneli zote kwa kiasi kimoja, na kivuli cha kweli hakifanyi hivyo. Wengine huchukua rangi ya kivuli kutoka kwenye shati la zamani, tuseme 170, 160, 150, wakaipaka kwa Multiply. Inaharibika vilevile, maana Multiply huizidisha na rangi ya shati iliyo chini, unapata takriban 159, 143, 122: giza zaidi na manjano zaidi ya ulichopima.

Mimi sipaki rangi kabisa. Naweka Curves nyingine juu ya ile ya kwanza, nayo nimeifunga kwenye suti, nasogeza nukta za mwisho za juu: Red 238 iwe 170, Green 228 iwe 160, Blue 208 iwe 150. Maski naijaza nyeusi, kisha napaka nyeupe kwa brashi yenye Flow 10 hivi. Napopaka mpaka mwisho, kivuli hufika kwenye rangi niliyopima.

Umbo lake linasomwa puani. Mwanga ukitoka juu kushoto, kivuli cha pua huangukia chini kulia, na cha kidevu kifuate huko. Kingo zake ziwe laini zaidi kidogo kuliko za kivuli cha pua, kwa sababu kola iko mbali na kidevu kuliko mdomo ulivyo mbali na pua. Halafu kuna mstari mwembamba wa giza pale kola inapogusa shingo. Huo uko juu ya ngozi, kwa hiyo unahitaji leya yake chini ya suti, juu ya mwili. Ukiusahau, kichwa kinaonekana kimechomekwa.

Nitajuaje kama imekaa?

Weka leya ya Black & White juu ya vyote, uzime na kuwasha. Tofauti ikionekana bila rangi, kosa ni la mwanga. Ikionekana tu rangi zikirudi, rudi kwenye chaneli. Halafu punguza picha iwe kama ukucha. Jicho likikimbilia kwenye kola kwanza, bado.