Konde moja, slaidi mbili: kwa mwalimu anayeanza kufundisha ikolojia

Mwalimu mwenzangu, ukipokea slaidi za Baiolojia utakuta urithishano wa uoto, yaani jinsi nyasi, vichaka na miti hupokezana mahali pamoja, uko peke yake na mtandao wa chakula uko peke yake, wiki mbili mbali. Picha zake ni za mwamba mtupu, barafu na misonobari. Mimi nilizisoma hivyo hivyo mbele ya darasa kwa miaka miwili hapa Pemba. Wanafunzi walikariri hatua zote, lakini nilipowauliza kwa nini nyasi zinaondoka vichaka vikija, walinyamaza.

Nenda nao kondeni. Karibu kila skuli ya shamba ina konde la muhogo lililoachwa. Huwezi kungoja miaka kumi, basi tafuta makonde matatu ya jirani: lililoachwa mwaka huu, lililoachwa miaka mitatu iliyopita, na la zamani ambalo halikuguswa tena. Waulize wenyewe lini walilima mara ya mwisho, wala usikadirie kwa macho, kwani konde lililochomwa moto au kukatwa kuni huonekana changa kuliko umri wake. Hakikisha pia udongo unafanana. Ukilinganisha konde la bondeni na la juu kilimani, tofauti utakayoona huenda ni ya maji, si ya umri.

Chukua kamba na vijiti vinne, pima mraba wa mita moja kwa moja, uweke sehemu tano katika kila konde. Katika konde jipya watahesabu ndago, ukoka na kishona nguo. Katika la pili vichaka vimeshapanda, na chini yake ndago zimedhoofika. Hapo ndipo swali langu lilipopata jibu: ndago na ukoka hutaka jua kamili, kivuli kikiingia hazistahimili. Mwambie mwanafunzi aweke kiganja chake juu ya udongo ulio wazi, kisha chini ya kichaka. Atahisi joto na ubaridi, na majani yaliyooza yatabaki na unyevu mkononi mwake.

Kuna kosa ambalo slaidi yenyewe hulipanda. Kwa kuwa imechora nyasi, kisha vichaka, kisha miti, mwanafunzi hudhani miti ndiyo iliyofika mwisho. Chimba! Siku moja kijana wangu aling'oa kijiti cha urefu wa shibiri katika konde jipya, kikakataa kutoka. Tulipofukua tukakuta kimeota kwenye kisiki kinene kama mkono, kilichokatwa zamani na kubaki hai ardhini. Mche wa mbegu ungekuwa na mzizi mwembamba ulioshuka peke yake. Kwa hiyo miti mingi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hukua polepole. Hiyo pia ndiyo tofauti ya konde na mwamba mtupu wa kwenye slaidi: konde limebaki na udongo, mbegu na visiki, ndiyo maana hurudi upesi zaidi.

Sasa mtandao wa chakula. Uchoreni mara tatu, mmoja kwa kila konde. La kwanza lina mishale michache: majani kwenda kwa panzi, panzi kwenda kwa mjusi, mjusi kwenda kwa nyoka. Simamia mwelekeo wa mshale, maana wengi huuchora kutoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa, kama mkono unaonyakua. Mshale hufuata nishati, nayo hutoka kwa aliyeliwa. Katika konde la zamani mishale huongezeka: mpera na mzambarau kwenda kwa popo na komba, majani makavu kwenda kwa jongoo na kuvu.

Kisha wapeleke chini ya mwembe mkongwe ulioachwa katikati ya konde. Hapo mara nyingi utakuta miche ya mipera na mizambarau imesongamana kuliko uwanjani, ingawa hakuna aliyeipanda. Ndege hutua kwenye matawi na kuacha mbegu walizomeza. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine duniani, hubeba tunda, hulila mbali na mti wake na kudondosha mbegu. Mshale wa mpera kwenda kwa popo ni chakula cha popo, na papo hapo ni safari ya mpera kwenda konde jingine. Ndipo slaidi zile mbili zinapokutana.

Kwa hiyo slaidi ya mwisho, ile inayoonyesha msitu mkubwa kana kwamba lazima ufike, iwekee mpaka. Konde lililo karibu na msitu wa Ngezi hupata mbegu za miti ya msituni. Konde lililozungukwa na muhogo pande zote, bila mti wa kutua ndege, linaweza kubaki vichaka muda mrefu. Waambie wanafunzi wachore mshale wa rangi nyingine kutoka kwa popo kurudi ardhini, kisha wafute popo, waangalie ni miche gani ya konde la zamani ingekosa wa kuileta.